Daftari la mkalimani, na jinsi ya kulipima

Mkalimani mzuri hatakuonyesha daftari lake. Yaliyomo ni siri ya waliokaa mezani, na kurasa zenyewe huchanwa kikao kikiisha. Kwa hiyo anayetaka kumpima itambidi amtazame akiwa kazini: kalamu inashuka lini, inanyamaza wapi, na macho yanarudi kwa nani. Mimi nimebahatika kuketi ubavuni mwa wenzangu wengi, mara nyingine nikiwa mwalimu wa mazoezi, mara nyingine nikipokezana nao zamu, na nimezichungulia kurasa hizo wino ukiwa haujakauka.

Kikao ninachokikumbuka zaidi kilikuwa Karatu, kwenye baraza ya loji yenye vyumba ishirini na kitu, upande ule ambao magari hupita yakienda Ngorongoro. Upande mmoja wa meza alikaa mama mwenye loji. Upande wa pili wakala wa kampuni ya utalii kutoka Ujerumani, aliyetaka vyumba kwa msimu mzima. Katikati binti mmoja mkalimani, na mimi nyuma yake kidogo. Kazi ilikuwa ukalimani fuatizi: mtu anasema mpaka amalize hoja yake, ananyamaza, ndipo mkalimani anaisema upya kwa lugha ya pili. Hakuna vifaa vya masikioni wala kibanda cha vioo. Kuna kichwa, kalamu na daftari dogo la waya juu, lile linalogeuzwa ukurasa bila kelele.

Wakala akaanza. Alisema kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, na hoja yake ilikuwa hii. Anataka vyumba 12 kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Oktoba. Vyumba atakavyokosa wageni wa kuviweka atavirudisha siku 45 kabla ya siku ya kuingia, bila kulipa. Akifuta kati ya siku ya 44 na ya 15, atalipa nusu ya bei ya usiku wa kwanza, isipokuwa kama loji imeshaviuza vyumba hivyo kwa mtu mwingine. Hapo hadaiwi kitu. Chini ya siku 15 analipa usiku wote alioagiza.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba binti hakuandika mara moja. Wakala alikuwa ameshasema sentensi nzima ya kusifu mandhari kabla kalamu haijagusa karatasi. Mwanafunzi huanza na neno la kwanza, na kufikia neno la ishirini anafukuzia sauti kama mtu aliyeachwa na basi. Anayeandika kila neno hasikii tena, anapiga chapa.

Ukurasa wake ulikaa hivi:

wao: 12 vy
        J4 + Ij
        1 Juni – 31 Okt
            rudi siku 45 → 0
ki-    futa 44–15
            ½ usk wa 1
ILA  L imeuza → 0
ki-    < 15
            usk wote

Herufi L ni loji, mshale ni "matokeo yake". Alama hazizidi hapo. Jean-François Rozan, mkalimani wa Geneva aliyechapisha kitabu chake cha kuandika vidokezo mwaka 1956, alipendekeza alama takriban ishirini tu, na hata katika hizo aliona nusu ndizo za lazima. Nikiona daftari limejaa vitu kama maandishi ya mafarao huwa nasikitika: mwenye nalo amejifunza michoro sabini nyumbani, sasa anatumia nusu sekunde kukumbuka mchoro wa "hoteli" huku mzungumzaji amefika kwenye adhabu.

Sasa tazama ukurasa ule unavyoshuka mshazari, kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, kisha unarudi kushoto. Mpangilio huo una kazi. Nani yuko kushoto, kinachofanyika kinafuata, na maelezo ya pembeni yanazidi kwenda kulia. Jicho likishuka wakati wa kusema, linajua bila kusoma ni lipi shina na ni lipi tawi. Ukingo wa kushoto kabisa umewekewa viungo pia: ki-, ila, kwa sababu, lakini. Mimi nikipewa sekunde mbili tu za kuliangalia daftari, naangalia ukingo huo. Ukiwa mtupu, najua mwenye nalo amekusanya vitu bila kamba ya kuvifunga.

Najua kwa sababu niliwahi kuumia hapo. Miaka ya mwanzo niliandika adhabu ya nusu vizuri, asilimia na siku zake, lakini ule "isipokuwa" niliuacha kichwani nikidhani utakaa. Haukukaa. Mwenye nyumba ya wageni akakubali masharti ambayo hayakuwa yale yaliyosemwa, akaamini anaweza kuuza chumba tena na kudai nusu pia. Jambo hilo liligunduliwa jioni, rasimu iliposomwa kwa sauti, na ikabidi mazungumzo ya saa tatu yafumuliwe. Tangu hapo naandika kiungo kwanza, hata kama kitakachofuata sitakiandika kabisa.

Ile "ki-" ya binti ni ufundi wa mtu anayeifahamu lugha yake. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba sharti, wakati na ukanushi kabla ya mzizi, kwa hiyo anayeandika mzizi "futa" peke yake ameacha nyuma kilicho na thamani zaidi. Kiambishi kimoja kinatosha: ki- kwa sharti lililo wazi, nge- kwa dhana tu, ha- kwa kukanusha. Baadaye wakala alisema kwamba kama bei ingeshuka, kampuni yake ingechukua vyumba 16. Binti aliandika "nge- 16 vy" na kuzungushia duara. Mkalimani mvivu angeandika 16 na mshale wa kupanda, kisha dakika moja baadaye angesema "tutachukua", na mama angeondoka akihesabu vyumba ambavyo hakuna aliyemwahidi.

Ukanushi una mtego wake kati ya lugha hizi mbili. Mjerumani mara nyingi hulileta neno la kukanusha mwishoni mwa sentensi, Mswahili hulitanguliza kwenye kitenzi. Ndiyo maana binti huacha nafasi kidogo mbele ya kitenzi, na neno likifika anarudi kupachika ha- mahali pake. Mtazame mkalimani wako: kalamu ikirudi nyuma namna hiyo, hajakosea.

Kisha tarakimu. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: 45 husemwa kama "tano na arobaini". Anayeandika kadiri anavyosikia huishia na 54, na siku tisa za tofauti kwenye sharti la kurudisha vyumba ni pesa. Binti alingoja namba ikamilike ndipo akaiandika kwa pigo moja, pamoja na kitu chake: siku 45, si 45 tupu. Tarakimu isiyo na mwenyewe haina faida. Ukurasa wenye 12, 45, 44, 15 zikielea tu ni mbaya kuliko ukurasa mweupe, kwa kuwa unakupa ujasiri usiostahili. Mwezi pia aliuandika kwa herufi, maana 1.6 inaweza kusomwa vingine mtu akichoka.

Siku za juma nazo. Zetu tano zinaanza na Juma-, kwa hiyo kifupi cha herufi hakisaidii. J3 na J4 za kwenye meseji za simu ndizo zinazofaa, mradi ukumbuke kwamba tunahesabu kuanzia Jumamosi. Anayefikiri Kijerumani ataona J4 aseme siku ya nne baada ya Jumapili, yaani Alhamisi. Saa ni vivyo hivyo. Mama aliposema wageni waondoke saa nne asubuhi, binti aliandika 10:00 papo hapo. Kubadili saa hufanywa wakati wa kusikia. Anayesubiri kubadili akiwa anasema atakuja kuchanganya, kama si leo, kesho.

Ilipofika zamu ya mama, kalamu ililala. Mama hakuanza na masharti. Alianza na mwaka 2020, ndege ziliposimama, kundi lililofutwa likiwa limeshanunuliwa nyama na mboga, wapishi waliorudishwa makwao, gesi iliyobaki, jokofu alilolizima mwenyewe. Alisimulia karibu dakika tatu. Binti alimtazama usoni muda wote na aliandika maneno matatu tu: nyama, wapishi, jokofu. Mwisho mama akasema, "Kwa hiyo mwanangu, mwambie nataka asilimia 30 mapema, siku wanapoagiza. Mali bila daftari hupotea bila habari." Hapo kalamu iliruka: "kwa hiyo 30% siku ya kuagiza", na chini yake neno "daftari".

Wengi hushindwa kupima hapa, wakidhani mkalimani asiyeandika amezembea. Simulizi lina mwili wake, na kichwa hulishika kwa kulitembelea. Binti aliniambia baadaye kwamba aliingia jikoni kwa mama, akaona nyama mezani, wapishi wakitoka mlangoni na mabegi, jokofu likinyamaza. Yale maneno matatu yalikuwa milango tu. Masharti ya mkataba hayatembeleki hivyo. Siku ya 44 haina sura. Fundi hujua lipi la kuona na lipi la kuandika, na hubadilika katikati ya sentensi. Lakini njia ya picha ina kikomo: ikiwa msimulizi anaruka kutoka mwaka hadi mwaka bila mpangilio, au kikao kimeingia saa ya pili bila mapumziko, picha huanza kuchanganyikana, na mkalimani mwenye busara huomba zamu au chai.

Ile methali hakuitafsiri neno kwa neno. Alimwambia wakala kwamba mama anaamini kisichowekwa kwenye maandishi hupotea bila mtu kujua. Wakala akacheka, akatikisa kichwa kukubali, akauliza kuhusu bei za Novemba. Mama akajibu, "Hilo tutaliangalia." Binti akaliacha laini hivyo hivyo. Hakulifanya ndiyo, hakulifanya hapana, ingawa sisi wawili tulijua kwa sauti ile kwamba ni hapana. Wakala ndiye aliyepaswa kuuliza tena, na aliuliza.

Mara moja tu alikwama, kwenye punguzo la watoto. Alisema kwa lugha zote mbili, "Mkalimani anaomba arudiwe umri," akapewa, akaendelea. Anayekisia ili asionekane ameshindwa nisingempa kazi ya mkataba hata bure.

Kikao kilipoisha, mama aliunyoshea kidole ukurasa wenye mistari ya mshazari. "Niachie hiyo, mwanangu, iwe ushahidi wangu." Binti akamwonyesha aya ya tatu ya rasimu, palipoandikwa siku 45. "Ushahidi wako huu hapa, mama. Haya yangu kesho hata mimi siyasomi." Akazichana kurasa tisa, na mama akazipokea akaziingiza kwenye jiko la mkaa chini ya birika.