Miezi Miwili Bila Marejesho, na Deni la Mwezi wa 15

Machi 18, 2020, siku tano baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Benki Kuu ilifungua mlango kwa wakopaji. Aliyekuwa hajachelewesha marejesho kufikia Machi 2 angeweza kuiomba benki yake imwongezee muda, hadi mwaka mmoja, na gharama za kuupanga upya mkopo zingebebwa na benki. Riba haikufutwa. Kafyu ilipoanza Machi 27, kuanzia saa moja jioni, wachuuzi wa Kibera na Kawangware walipoteza saa ambazo wateja hurudi kutoka kazini, na mapumziko ya marejesho yakawa jambo la lazima kwa wengi.

Mapumziko hayo hugharimu nini? Tuchukue fundi cherehani wa Kawangware, wa mfano tu, aliyekopa shilingi 60,000 kwa miezi 12, riba ya asilimia 2 kwa mwezi ikitozwa kwenye salio. Rejesho lake ni shilingi 5,674. Baada ya marejesho manne anadaiwa 41,562, kisha anapumzika miezi miwili.

Mwezi wa kwanza wa mapumziko riba ni shilingi 831. Kwa kuwa haikulipwa, inaingia ndani ya deni, na mwezi wa pili riba inapanda hadi 848. Anaporudi kulipa, salio ni 43,241.

Wengi hudhani mkopo sasa utaisha mwezi wa 14. Hautaisha. Akiendelea na rejesho lilelile kwa miezi minane iliyobaki, atabaki na deni dogo ambalo mwezi wa 15 litamdai shilingi 2,007. Ile riba ya 1,679 iliyorukwa imekaa ndani ya salio muda wote huo, ikizaa riba yake.

Akitaka kumaliza mwezi wa 14, rejesho lipande hadi 5,903, na nyongeza yote itakuwa takriban 1,834. Akishikilia tarehe ya awali, mwezi wa 12, atalipa 7,720 kwa miezi sita. Nyongeza inashuka hadi 930 hivi, lakini huo ni mzigo mkubwa kwa biashara inayojaribu kusimama tena.

Wakati wa kupumzika nao una uzito. Fundi huyo angesubiri hadi abakiwe na marejesho mawili, salio lingekuwa 11,016, na riba ya miezi miwili 445 tu.

Benki iliyoingiza riba kwenye deni hujulikana kwa taarifa ya mkopo. Katika rejesho la kwanza baada ya mapumziko, sehemu ya riba itasoma 865. Ikisoma 831, riba iliyorukwa haijaingizwa kwenye salio, na mkopaji aulize imewekwa wapi kabla hajatia saini ratiba mpya.