Raketi Fupi na Ukuta wa Stoo

Mwaka 1988 niliandika maneno mawili katika daftari langu la ukaguzi, na maneno hayo yananisuta hadi leo. Nilikuwa nimeketi kivulini nikimtazama mwanachuo wetu mmoja, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, akiwafunza tenisi watoto wa darasa la tatu. Zamu ikamfikia binti mmoja wa miaka tisa. Alishika raketi ya mtu mzima kwa mikono miwili, akarushiwa mpira, mpira ukadunda na kumpita juu ya kichwa. Akarushiwa wa pili, akachelewa. Wa tatu aliugusa kwa ukingo wa raketi, wenzake wakacheka. Nami nikaandika: "Hana mkono."

Mpenzi msomaji, hebu tuihukumu hukumu hiyo. Raketi ya mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 68. Mpira wa kawaida wa tenisi, ukiangushwa kutoka kimo cha sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, sharti upande tena kufikia kati ya sentimita 135 na 147. Binti yule hakufika sentimita 130. Kumbe nilikuwa nimempa kazi ya kuupiga mpira uliokuwa ukidunda juu kuliko utosi wake, kwa chombo kilichozidi nusu ya kimo chake, katika uwanja wenye urefu wa karibu mita 24. Aliyeshindwa pale hakuwa yeye. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakusema akunjwe kwa mtarimbo.

Mwanachuo yule hakubishana nami. Kesho yake nilimkuta nyuma ya stoo ya shule, penye ukuta mrefu na sakafu ya saruji. Alikuwa amechonga vibao vya plaiwudi, kila kimoja kama sentimita 45 pamoja na mpini, akavizungushia kitambaa mahali pa kushikia. Mipira ilikuwa ya zamani, kila mmoja ameutoboa kwa msumari ili upepo utoke. Nilipomuuliza kwa nini anaiharibu, alijibu, "Mwalimu, siiharibu, ninaipunguzia haraka."

Jibu hilo ndilo kiini cha jambo lote. Mpira laini haupewi mtoto kwa sababu haumuumizi tu. Anapewa kwa sababu hudunda chini na kuja polepole, naye akapata muda wa kuuona, kusogeza miguu na kuukutia kiunoni. Mwaka 2007 Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lilianzisha kampeni iliyojengwa juu ya hoja hiyo hiyo, kwa mipira ya ngazi tatu: mwekundu, wa rangi ya chungwa na wa kijani. Mpira mwekundu wa manyoya, ukiangushwa kutoka kimo kile kile cha sentimita 254, hupanda sentimita 90 hadi 105 tu. Kuanzia mwaka 2012, mpira wa kawaida wa njano ulikatazwa katika mashindano ya watoto wa miaka kumi na chini yake. Mwalimu asiye na mipira hiyo apige mistari miwili ya chaki ukutani, mmoja sentimita 90 na mwingine 105, apande juu ya kiti na kuangusha mipira yake mikuukuu. Unaodunda kati ya mistari hiyo unafaa. Lakini apime juu ya saruji. Kwenye mchanga mpira wa namna hiyo hufa palepale.

Turudi kwa binti wetu. Kwa kibao kifupi na mpira uliotobolewa, akisimama hatua tatu kutoka ukutani, siku ya tatu aliweza kupiga mara kumi na mbili mfululizo. Nikalifuta neno langu kwa furaha, na hapo nikafanya kosa la pili. Wiki iliyofuata aliwekwa mbele ya mwenzake, kamba imefungwa katikati yao, naye akashindwa tena kana kwamba hajawahi kushika kibao.

Nilichukua miaka mingi kuelewa kilichotokea, na walimu wengi niliowakagua baadaye walirudia kosa hilo. Ukuta una subira, lakini hauna adabu ya mwenzi. Mtoto aliyesimama mita tatu kutoka ukutani, mpira wake hutembea mita sita tu kwenda na kurudi. Akicheza na mwenzake katika uwanja mdogo wa mita 11, mpira hutembea karibu mita 22 kabla haujamrudia. Basi karibu na ukuta hapati muda wa kurudisha raketi nyuma. Hujifunza kudokoa mpira kwa kifundo cha mkono, kama mtu anayegeuza chapati, huku miguu imeganda chini. Isitoshe, ukuta humrudishia mpira wake mwenyewe, kwa njia aliyoichagua yeye. Haujui kumpeleka kushoto wakati yeye anatazamia kulia. Dalili ni rahisi kuziona: tazama miguu, usitazame mpira. Mtoto anayepiga mara ishirini bila kuinua unyayo anajifunza ukuta, hajifunzi tenisi.

Dawa yake si kuubomoa ukuta. Mrudishe mtoto nyuma hadi mita nne au tano, umruhusu kuacha mpira udunde mara mbili kabla ya kupiga. Chora mstari ukutani, sentimita 80 kutoka chini, ambao ndio wavu wake. Kila mpira upite juu yake. Kisha waweke watoto wawili kwenye ukuta mmoja wapige kwa zamu: aliyepiga anaondoka, mwenzake anaingia. Sasa hakuna anayeweza kusimama kama mnazi, maana mpira unaomfikia umepigwa na mtu mwingine. Wakishazoea, wageuze watazamane katika uwanja wa mita 11 kwa mita 5, kamba ikiwa sentimita 80 juu, wacheze kwa mpira ule ule. Wasibadilishiwe mpira na uwanja siku moja.

Lawama yangu ya mwisho ni juu ya wale wanaopandisha watoto ngazi kwa kutazama miaka yao. Rangi za mipira hutajwa pamoja na umri, na umri ni mwongozo mzuri, lakini mwalimu mvivu huugeuza kuwa sheria: umetimiza miaka minane, haya, twende mpira wa chungwa na uwanja wa mita 18. Kipimo changu ni kingine. Watoto wawili wakiweza kupigiana mara kumi bila papara, kila mmoja akirudi katikati baada ya kupiga, wakati umefika. Wasipoweza, hata wawe na miaka kumi na miwili, bado. Na wakiweza, wasicheleweshwe, kwani mpira mlegevu nao una ubaya wake: humzoesha mtoto kusubiri, akaja kushangaa mpira wa haraka.

Binti yule hakuwa bingwa, wala sikusudii kudai kwamba kibao cha plaiwudi huzaa mabingwa. Hadi mwisho wa muhula alicheza na wenzake katika uwanja wa chaki nyuma ya stoo, akapiga, akakosa, akacheka mwenyewe. Daftari langu bado ninalo. Maneno yale mawili nimeyapiga mstari, na pembeni nimeandika: "Raketi ilikuwa ndefu."