Mwezi wa Kitabuni na Mwezi wa Mbinguni

Mzazi anunuapo kitambaa hukishika, akakivuta, akakipima kwa dhiraa ndipo atoe fedha yake. Lakini kitabu cha shule hukinunua kwa kuwa kimo katika orodha, wala hakifungui. Leo napenda tukifungue kimoja. Ni kitabu cha sayansi cha watoto wa darasa la tano, kilichoandikwa kwa Kiswahili. Jina lake silitaji, kwani makosa yaliyomo yamo katika vitabu vingi vya namna hiyo. Nimechukua sura moja tu, ile ya mwezi na maji ya bahari, nikaitia katika mizani tatu: Je, yasemwayo ni kweli? Je, mtoto wa umri huo aweza kuyafahamu? Na je, mifano yake yamweneza kila mtoto?

Tuanze na ukweli, maana huo ndio msingi. Kitabu chasema kwamba mwezi hupungua na kuongezeka kwa sababu kivuli cha dunia huufunika. Hili si kweli, na mtoto aweza kulivunja kwa macho yake. Siku ya saba ya mwezi, baada ya sala ya alasiri, na atoke nje. Ataona nusu ya mwezi imepanda juu mbinguni, na jua lingali magharibi. Kivuli siku zote huanguka upande ulioelekeana na jua. Basi ikiwa jua liko magharibi, kivuli cha dunia kiko mashariki, tena chini ya upeo wa macho. Kitaufunikaje mwezi ulio juu ya utosi?

Ukweli ni kwamba nusu moja ya mwezi huangazwa na jua wakati wote. Sisi, kwa vile mwezi watuzunguka, huiona nusu hiyo mara kidogo, mara yote. Kivuli cha dunia huugusa mwezi wakati wa kupatwa tu. Jambo hilo hutokea mwezi ukiwa mpevu, nalo huisha kwa saa chache. Haliji kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5, basi mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Mwandishi amechanganya mambo mawili, akaieleza hali ya kila mwezi kwa sababu ya kupatwa.

Kosa la pili ni la bamvua. Kitabu chasema maji hujaa sana na kupwa sana wakati wa mwezi mpevu, kikanyamaza. Mvuvi yeyote wa pwani ajua kuwa bamvua ni mbili: moja baada ya mwezi kuandama, na nyingine baada ya mwezi mpevu. Sababu yake ni kwamba nyakati hizo mbili jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua huungana na wa mwezi. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande mwingine, nasi tukapata maji mafu. Tena bamvua yenyewe huchelewa siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu. Mtoto aliyesoma kitabu hiki akimsikia babu yake akihesabu bamvua ya mwandamo, atadhani mzee hajui. Hapo kitabu kimemvunjia mtoto imani kwa mtu aliyesema kweli.

Kuna na picha. Kitabu chafundisha kwamba mwezi mchanga umesimama kama tumbo la herufi D, na mwezi unaokwisha ni kama herufi C. Kanuni hiyo yafaa Ulaya, nchi zilizo mbali kaskazini. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na upande wa mwezi unaong'aa hulielekea jua lililozama chini yake. Kwa hiyo hilali yetu hulala kama mtumbwi. Mtoto akitafuta herufi mbinguni hataiona. Kanuni ifaayo kila nchi ni hii: hilali ionekanayo magharibi baada ya jua kuzama ni ya mwezi unaokua, ionekanayo mashariki kabla ya jua kuchomoza ni ya mwezi unaokwisha.

Mizani ya pili ni kiwango. Katika ukurasa mmoja nimekuta maneno graviti, mzingo, mhimili na satalaiti, na hata moja halikuelezwa. Walakini si vyema mtu mzima ahukumu ugumu kwa kubahatisha. Iko njia aliyoitangaza Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953, nayo haina gharama. Chukua kifungu cha maneno kama 250 ambacho watoto hawajakisoma. Acha sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la tano mpaka upate mapengo 50, na watoto wayajaze. Waliopima kwa Kiingereza walisema kwamba mtoto asiyepata 44 katika 100 kifungu hicho chamshinda, hata akiwa na mwalimu. Kipimo hicho tusikihamishe kwetu hivi hivi. Neno moja la Kiswahili, kama "wameyaona", limebeba mtenda, wakati na mtendwa, basi ni gumu zaidi kulipatia. Lililo salama ni kuwapa watoto wale wale vifungu vya vitabu viwili juu ya jambo moja, na kuangalia ni kipi wanachokijaza vizuri zaidi.

Mizani ya tatu ni mifano. Katika sura hii kila anayekwenda na maji ni mwanamume: mvuvi, nahodha, mjenzi wa jahazi. Je, nani huingia pwani maji yakipwa kwa bamvua? Ni wanawake, wachokoao pweza na kuokota chaza. Na tangu kilimo cha mwani kilipoenea Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wake wengi huko Paje na Jambiani ni wanawake, na ratiba yao ya kazi ni bamvua. Kuwaacha si kosa la adabu tu. Ni kuwaacha wajuzi wa jambo lenyewe. Kwa upande wa pili, kitabu hiki husomwa na mtoto wa Dodoma pia, ambaye hajaiona bahari. Yeye aelezwe kwanza kupwa ni nini, kwa picha mbili za pwani ile ile, maji yakiwa juu na yakiwa chini.

Basi hukumu ni ipi? Mizani hizi hazina uzito mmoja. Lugha ngumu mwalimu aweza kuilainisha, na mifano aweza kuiongeza, ila maelezo yasiyo kweli hurudi katika mtihani, na mtoto ajibuye kweli akakoseshwa. Sura hii isisomeshwe kama ilivyo. Mwalimu na abandike kipande cha karatasi juu ya maelezo ya kivuli, kisha awashe kandili katika chumba cha giza. Mtoto ashike chungwa mbele yake kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa, ajizungushe polepole. Ataona hilali, nusu na mwezi mpevu vikija kimoja baada ya kimoja. Kisha alishushe chungwa usawa wa kichwa, na kandili likiwa nyuma yake ataona kivuli chake kinalifunika. Hapo atajua mwenyewe tofauti ya mwezi kupungua na mwezi kupatwa.