Kicheko Kinachomfikia Shosho

Chini ya hema moja katika kiwanja cha kanisa, Buruburu au Jericho, huwa wameketi watu ambao hawajawahi kuchekea kitu kimoja. Mbele ni wazee waliofika alfajiri kwa basi la usiku kutoka Siaya na Vihiga. Katikati wamo kina mama wa chama, sare zao zimepigwa pasi. Nyuma kabisa, karibu na spika za dijei, vijana wa mtaa wamesimama kwa sababu viti vimeisha. Saa kumi hivi, keki imeshakatwa, watoto wamelemewa na pilau, emsii anamwita msimamizi wa bwana harusi na kumnong'oneza: dakika tatu, ndugu yangu.

Katika dakika hizo watu wengi hudhani lazima wachague. Ama wawachekeshe vijana, ama wawaridhishe wazee kwa maneno mazito. Anayechagua vijana hutoa vichekesho vya Sheng, na Sheng ya Eastlands hubadilika kwa rika na kwa mtaa. Neno linalowaangusha vijana wa Dandora leo, kaka zao wa Buruburu hawalijui. Anayechagua wazee huanza kuhubiri, na hapo amechelewa, kwa maana mchungaji alishahubiri saa nzima. Sifa tupu za kwamba bwana harusi ni mtu mwema, mchapakazi na mcha Mungu hazimfikishi popote. Wazee wamezisikia matangani pia.

Ninayemsifu mimi ni yule anayekataa kuchagua, na namna anavyokataa inahitaji ustadi.

Ustadi huo huanzia kwa shosho. Mara nyingi shosho wa bibi harusi ana mjukuu ubavuni anayemtafsiria sikioni, sentensi moja nyuma ya msemaji. Mchezo wa maneno haufiki huko. Ukishatafsiriwa unakuwa taarifa tu. Kinachofika ni tukio: mtu fulani alifanya jambo fulani, mambo yakaenda mrama. Ndivyo Vitimbi ilivyoweza kuzikalisha familia nzima mbele ya televisheni moja. Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, aliweza kukuchekesha kwa mwendo wake tu, hata neno moja usingelisikia. Redykyulass walipokuja kumwigiza Rais Moi mwishoni mwa miaka ya tisini, ilibidi umjue anayeigizwa. Vichekesho vyao vilikuwa vikali na vya lazima kwa wakati wake, lakini mtoto aliyezaliwa Moi akiwa amestaafu anahitaji kuelezwa kwanza, na kicheko cha kuelezwa hakichekwi.

Hotuba bora ya aina hii niliisikia Umoja. Msimamizi alisimulia kwamba zamani yeye na bwana harusi walipanga chumba kimoja Kayole, wakitafuta kazi, na kati yao walikuwa na jozi moja tu ya viatu vyeusi. "Viatu ni vyake," akasema. "Yeye anavaa namba tisa, mimi saba. Kwa hiyo nikienda kutafuta kazi ni lazima nijaze gazeti." Akaeleza siku aliyoitwa kwa mahojiano katika ofisi ya vigae, kila hatua gazeti likilia ndani ya kiatu, mabosi wakitafuta panya chini ya meza. Akatembea hatua tatu mbele ya meza kuu kwa miguu ile ile ya woga. Hema zima likacheka, shosho naye hakumsubiri mtafsiri.

Kisha akaendelea, kicheko kikiwa kimeanza tu kushuka, bila kungoja kimya. "Kazi nikaipata. Jioni ndipo nikajua kwamba mwenzangu pia alikuwa ameitwa mahojiano asubuhi hiyo hiyo, kwingine. Alienda na malapa." Watu wakacheka tena. "Yeye hakuipata. Na hakuniambia. Nilijua kwa sababu niliona malapa yamekatika."

Tazama mpangilio huo. Malapa yametajwa kabla ya matokeo. Angesema kwanza kwamba rafiki yake alikosa kazi, malapa yangekuwa ya kuhurumiwa na hakuna ambaye angethubutu kucheka. Kwa kuwa yalitangulia, watu walikuwa bado wanatabasamu sentensi iliyofuata ilipowakuta. Hakutangaza kwamba sasa anaacha mzaha ili aseme kwa dhati. Tangazo hilo ndilo huua hotuba nyingi, kwa sababu hadhira nzima hujikaza na kungoja kuhubiriwa. Na ona pia kwamba aliyechekwa kwa viatu ni msemaji mwenyewe. Bwana harusi alitoka hapo akiwa mkubwa kuliko alivyoingia, na neno "mwema" halikutajwa.

Baadaye nilisikia kwamba wawili hao walikuwa na kisa kingine, cha usiku mmoja wa pombe, ambacho vijana wa nyuma walikuwa wakikidai kwa miluzi. Msimamizi alikiacha, na sababu yake ni ya kwetu hasa. Miongoni mwa Waluo, Waluhya na jamii nyingine nyingi zilizojaza mitaa hii, mkwe wa kiume na mama mkwe hutengwa na heshima nzito. Kuna wanaoepuka hata kula pamoja. Kumvua nguo bwana harusi mbele ya mama huyo ni kumwachia aibu ambayo hatakuwa na nafasi ya kuicheka naye baadaye. Mzaha wenye makali upeleke kwa shosho wa bwana harusi. Mila zetu nyingi zimempa bibi ruhusa ya kumwita mjukuu wake mume wangu na kumdai mahari. Ukimwuliza hadharani kama ameridhika kumwachia bibi harusi huyu mume wake, atakujibu kwa makali kuliko yako, na hakuna atakayekwazika.

Kuna jambo jingine linalomzuia msimamizi wa Nairobi kuwa mchekeshaji tu. Makanisa mengi hapa hupenda msimamizi awe mume wa mtu, akisimama na mkewe, kwa sababu wawili hao ndio watakaopigiwa simu usiku maharusi wakikosana. Wazee wanamsikiliza wakimpima kwa kazi hiyo. Ndiyo maana vichekesho vya makabila, ambavyo emsii ameshavimwaga tangu saa nane, si vyake. Hema limechanganyika, na huenda yeye ndiye atakayesuluhisha ugomvi unaoanzia papo hapo.

Kwa dakika tatu, maneno mia mbili na hamsini yanatosha, maana vicheko navyo vinakula muda. Hiyo ni nafasi ya kisa kimoja. Mwenye visa vitatu atavikimbiza vyote, na mwishoni watu watakumbuka alivyohema.

Yule wa Umoja alimaliza kwa kumgeukia bibi harusi. "Shemeji, huyu mtu akikuambia hana shida yoyote, mwangalie miguu kwanza." Sikuweza kujua, na bado sijui, kama sentensi hiyo ni mzaha au ni wosia. Vijana walipiga kelele, mama mkwe akaitikia kwa kichwa bila kumtazama mkwe wake, kama inavyopasa, na wote walikuwa wameisikia sawasawa. Akainua soda yake, akamrudishia emsii maiki na kuketi haraka, kabla emsii hajaanza kuvitia viatu vile chumvi.