Kadi Isiyomkaba Mtu

Morogoro haupiti muda bila kadi kubisha hodi: ya harusi, ya kipaimara, ya maulidi, ya chakula cha hisani. Hii ya mwisho ndiyo ninayoihusudu, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika. Kadi ya harusi inaomba mchango na kuahidi pilau, basi. Kadi ya hisani ya kanisa au msikiti inaomba mchango huku nyuma yake amesimama Mungu. Mwandishi asipoangalia, humgeuza Mungu kuwa mgambo.

Niliwahi kuletewa rasimu na kamati moja ya ujenzi kutoka milimani, upande wa mashariki wa Uluguru, ule unaopokea mvua ya bahari na kuloa kuliko upande wa mjini. Ilisema hivi: unatakiwa kufika bila kukosa ukiwa na mchango usiopungua shilingi 50,000, na ukumbuke kwamba Mungu anakuona. Walioiandika hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na kuta zisizo na paa, na masika yalikuwa yanakuja.

Lakini "unatakiwa" ni neno la ofisi ya kata na la mahakama. Mtu akilisoma huanza kujiuliza amekosa nini. "Usiopungua" humfungia mlango mama muuza ndizi kabla hajavaa viatu. Na kwamba Mungu anatuona ni kweli tupu, ila hapo ukweli huo umewekwa mlangoni kama mbwa mkali. Ana kwa ana, mtani angeweza kusema yote matatu, watu wakacheka na kutoa. Karatasi haina tabasamu.

Tuliacha maneno kwanza, tukaanza na hesabu. Paa lilihitaji mabati 120. Kamati ilikadiria kwamba bati moja, pamoja na misumari yake na nauli hadi gari linapoishia, ni shilingi 40,000. Jumla shilingi 4,800,000. Kutoka mwisho wa barabara hadi kiwanjani ni kupanda kwa miguu, na bati hupanda kichwani mwa mtu. Hesabu ilipokaa sawa, kadi ikajiandika:

"Ndugu yetu, tunakukaribisha tule pamoja Jumamosi jioni. Chakula kimekwisha kulipiwa na wanakamati. Nyumba yetu ya ibada ina kuta, haina paa. Tunahitaji mabati 120. Bati moja hadi mwisho wa barabara ni shilingi 40,000. Apendaye atatoa bati, au nusu bati, au atakuja Jumamosi inayofuata tubebe pamoja. Usipojaaliwa lolote kati ya haya, njoo tule. Kiti chako kipo. Nyama imechinjwa kwa namna ambayo kila jirani ataweza kula."

Tazama neno "apendaye". Halimnyooshei mtu kidole. Linapita katikati ya wasomaji wote kama sahani ya tende, na kila mmoja anaamua mwenyewe kama atanyoosha mkono. Ungeandika "utoe bati", sentensi ingekuwa fupi zaidi na ingekuwa amri.

Tazama pia "nusu bati". Kadi ingeweza kusema "hata kidogo kinapokelewa", kama zisemavyo kadi nyingi, na mwenye kidogo angejiona mdogo. Nusu bati ni kipimo chenye heshima: ipo juu ya paa, inazuia mvua, na mtoaji anaweza kuinua macho akaijua. Kwa sababu hiyo hiyo nilifuta methali ya kutoa ni moyo, ambayo kamati ilitaka iwe kichwani mwa kadi. Ni methali nzuri, lakini mahali pale inasomeka kinyume: usipotoa, huna moyo.

Sentensi ya kwamba chakula kimelipiwa ndiyo inayombeba mgeni asiye na kitu. Anakula bila kuhesabu tonge. Ila lazima iwe kweli. Kama gharama ya jikoni itakatwa kwenye michango, kadi iseme hivyo waziwazi, maana mtu aliyetoa bati akasikia limegeuka soda hatarudi mwakani. Na kubeba nako kuna mtego wake. Mwenyekiti wa kamati asipoonekana na bati kichwani siku ile, kubeba kutakuwa mlango wa maskini, na hakuna apendaye kuonekana akipita mlango huo.

Kuna neno moja ambalo katika mji wetu, ambamo ukoo mmoja una Asha na Anna, linataka uangalifu wa pekee: zaka. Kwa Wakristo wengi wa Tanzania, zaka ni fungu la kumi. Kwa Mwislamu, zaka ni nguzo ya dini, ina kiwango chake, na mafungu manane ya wanaostahili kuipokea yametajwa katika Sura ya Tauba. Wanazuoni wengi hawauhesabu ujenzi wa msikiti miongoni mwa hayo manane. Kadi ya msikiti inayoomba zaka kwa ajili ya paa inamtia muumini mashaka badala ya furaha. Iseme sadaka, na kwa kuwa paa litadumu, iseme sadaka jaria.

Halafu jina juu ya bahasha. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi hufuata ukoo wa mama. Bahasha iliyoandikwa jina la mume peke yake inaweza kumpita yule ambaye migomba ni ya ukoo wake, naye atajua kwamba amepitwa. Kuandika majina mawili hakuongezi gharama ya wino.

Mwisho ni kipaza sauti. Kadi ya upole huharibiwa usiku ule ule na mshereheshaji anayesoma majina na viwango: fulani, laki mbili, makofi, fulani, elfu tano, kimya. Kimya hicho husikika hadi Mkuyuni. Tulikubaliana zisomwe idadi za mabati tu, na majina yabaki kwenye daftari la mweka hazina. Misahafu yote miwili iko upande wetu hapa. Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorintho, hataki mtoaji mwenye huzuni wala aliyelazimishwa. Na Sura ya Baqara inaonya kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka.

Utajuaje kama kadi ilimkaba mtu? Angalia ahadi, siyo makofi. Ahadi iliyotolewa kwa aibu huwa kubwa usiku na huwa nzito mchana. Mwezi ukiisha, mweka hazina anaona watu wakivuka barabara wakimwona. Ahadi iliyotolewa kwa hiari huwa ndogo kidogo, na hulipwa. Ukikuta ahadi nyingi na fedha mkononi chache, usiwalaumu wachangiaji. Rudi ukaisome kadi yako.

Ufundi huu hauna cheti, na jina la fundi haliandikwi popote kwenye kadi. Kazi yake yote ni kumwachia msomaji nafasi ya kusema hapana bila kupoteza heshima, kwa sababu "ndiyo" ya mtu asiyeweza kusema hapana si sadaka, ni kodi. Basi nawe ukipewa kalamu, andika kadi yako, kisha msomee jirani ambaye unajua hana kitu mwezi huu. Akisema "nitakuja", ipeleke kwa mpiga chapa.