Nambari za Pambizoni na Mistari Isiyohesabiwa

Desturi ya kuwataka waandishi watie nambari za mistari pambizoni mwa PDF, kabla mswada haujapelekwa kwa mhakiki, ni njema. Mhakiki asemaye "mstari wa 212" haulizwi maana yake. Lakini nambari hizo, jinsi zitiwavyo na wengi, zina upungufu unaowadhuru wanaisimu zaidi kuliko wenzao.

Wengi huandika kwa Microsoft Word. Huenda penye Layout, kisha Line Numbers, wakachagua Continuous ili hesabu isianze upya kila ukurasa, ndipo wakaugeuza mswada kuwa PDF. Hesabu hiyo haiigusi mistari iliyomo ndani ya jedwali, wala tanbihi. Kwa mwandishi wa historia hasara yaweza kuwa ndogo. Mwanaisimu, lakini, mara nyingi hupanga mifano yake katika jedwali lisilochorwa mistari, ili kila kiambishi kikae juu ya maana yake. Msomaji halioni jedwali hilo. Programu hulijua, nayo hulipita kimya.

Na uchukuliwe mswada ambao mstari wake wa 212 wasema, "Tazama mfano ufuatao." Chini yake pana jedwali la safu tatu: kwanza *wa-toto wa-me-lal-a*, kisha maana ya kila kiungo, kisha tafsiri. Mstari ulio baada ya jedwali una nambari 213. Ikiwa *-me-* imefasiriwa kuwa wakati uliopita, badala ya hali timilifu, kosa limo mahali pasipo nambari. Mhakiki akiandika 213, mhariri atakuta sentensi isiyo na ila. Hivyo sehemu yenye ubishi kuliko zote ndiyo isiyotajika.

Wako waonao kwamba dawa ni kugonga nambari juu ya PDF iliyokwisha kamilika. Dawa hiyo ni dhaifu. PDF huhifadhi herufi na mahali pake ukurasani, na si lazima ijue mstari ni nini. Programu igongayo nambari kwa nafasi zilizo sawa hupotoka penye kichwa cha habari au maandishi madogo, na nambari ikaangukia kati ya mistari miwili. Atakaye kuhakikisha na atazame nambari za chini ya ukurasa, si za juu.

Lililo bora ni kurudi kwenye mswada wenyewe, jedwali liondolewe na viungo vipangwe kwa vituo vya tabo. Safu zile zitapata 213, 214 na 215. Kazi hiyo yachosha, hasa mfano ukiwa mrefu. Asiyeiweza aupe kila mfano nambari yake, mhakiki aandike "mfano wa 14, safu ya pili".

Lakini mwandishi akiongeza mistari miwili penye 40, ule wa 212 huwa 214. Kwa hiyo maoni ya mhakiki yahifadhiwe pamoja na PDF ile ile aliyoisoma, na mwandishi ajibupo ataje nambari zote mbili, ya kale na ya sasa.