Mistari 65,536

Wasomaji wanakumbuka jinsi wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 walivyokosekana katika hesabu za Uingereza baina ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, taarifa zao zikachelewa kufika kwa wale waliopaswa kuwatafuta watu waliokutana nao. Nami nasema wazi kwamba lililoharibu kazi hiyo ni uamuzi mmoja tu, nao ni kuyapitisha majibu ya maabara, yaliyotoka yakiwa CSV salama, ndani ya lahajedwali la XLS, ambalo kikomo chake ni mistari 65,536. Nimekwisha kusema mara nyingi, na nitazidi kusema, kwamba lahajedwali ni chombo cha kusomea hesabu, wala si mfereji wa kupitishia data.

Sampuli moja ilizaa mistari kadhaa, hata jedwali likajaa kwa wagonjwa takriban 1,400. Tufanye, kwa mfano, kwamba sampuli 1,600 zimeletwa, kila moja na mistari 45, yaani mistari 72,000. Ukitoa mstari wa vichwa, XLS hubakiza 65,535: sampuli 1,456 kamili, moja iliyobakiwa na mistari 15, na 143 zisizo na athari yoyote. Sasa tuanze ukaguzi. Ukitafuta NULL huzipati, kwa kuwa mstari usiokuwapo hauna hata nafasi iliyo tupu. Ukitafuta mistari iliyorudiwa, hakuna. Na kanuni za kugeuza tarehe na misimbo zitapita zote, ilhali waliopotea wamepotea. Anayekagua hivyo ni sawa na karani wa bandarini anayehesabu magunia yaliyoshushwa pasi na kuitazama hati ya shehena.

Dawa yake ni kuhesabu pande zote mbili, kwenye chanzo na mwisho wa safari, mistari na sampuli kila kimoja peke yake:

```sql
SELECT COUNT(*), COUNT(DISTINCT sampuli_id)
FROM matokeo;
```

Chanzo kitasema 72,000 na 1,600, mwisho utasema 65,535 na 1,457. Tofauti hiyo na iusimamishe mkondo papo hapo, isiishie kuandikwa katika kumbukumbu ambazo hazisomwi na mtu. Kadhalika faili inayogota kikomoni hasa ni dalili tosha ya kukatwa.

Ni kweli kwamba huko Uingereza kuzigawa faili ziwe ndogo baadaye kulikuwa sawa, na waliopimwa walipewa majibu yao.

Lakini makarani wa zama za kadi zilizotobolewa waliwashinda hao waliotumia XLS: waliandika idadi na jumla ya kila fungu kabla halijaingia mashinani, na fungu lisilolingana lilirudishwa. Basi wewe mwenye mkondo wa data, usikubali faili yoyote isiyoandamana na idadi iliyohesabiwa huko ilikotoka.